Kodi ya chumba Malindi: nani hasa anayeibeba?

Chukua gesti ya Malindi ambayo mauzo yake ya mwaka yamefika shilingi milioni 5. Kwa Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2013, sasa lazima ijisajili KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na itoze asilimia 16. Chumba kilikuwa 5,000 kwa usiku.

Dhana: Kodi ikiandikwa kwenye risiti, mgeni ndiye aliyeibeba.

Risiti inaonyesha nani amekabidhi pesa tu. Aliyeumia utamjua ukilinganisha bei ya kabla ya kodi na ya baada yake. Mwenye gesti akiandika 5,800, mgeni wa mwezi wa Mei, mvua inanyesha na vyumba vitupu kila mtaa, anavuka barabara na kulala kwa jirani ambaye mauzo yake hayajafika milioni 5. Jirani huyo hatozi kodi hii. Basi mwenye gesti anashusha hadi 5,220, kodi ikiwa ndani. Gawa kwa 1.16: kinachobaki ni 4,500, na kodi ni 720. Mgeni ameongeza 220 juu ya bei ya zamani, mwenye gesti amepoteza 500. Risiti itasema mgeni amelipa kodi ya 720, na kweli amezitoa mkononi mwake, lakini zaidi ya theluthi mbili ya mzigo uko kwa mwenye nyumba.

Kuna kitu kinachompunguzia: kodi aliyolipa kwenye manunuzi ya biashara, kama vile sabuni na mashuka, anaweza kuidai akiwa na risiti halali za kodi.

Dhana: Desemba vyumba vinajaa, kwa hiyo mgeni anabeba yote.

Hapa wengi hukosea, hata wafanyabiashara wazoefu. Idadi ya vyumba haiongezeki kwa sababu ya kodi. Kama wageni wanakubali 5,800 na gesti bado inajaa, wangekubali 5,800 hata bila kodi, na zile 800 zingebaki kwa mwenyewe. Alikuwa anauza chini ya bei ambayo soko lingeivumilia. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama mgeni amelipa, bali kama mwenye gesti angeweza kutoza bei hiyo hiyo pasipo kodi.

Dhana: Kuipata kodi iliyo ndani ya bei, toa asilimia 16 ya bei hiyo.

Asilimia 16 ya 5,220 ni 835, nayo si sahihi, kwa sababu kodi hukokotolewa juu ya 4,500. Zidisha bei kamili kwa 16, kisha gawa kwa 116: utapata 720. Anayekosea hapa anapeleka KRA shilingi 115 za ziada kwa kila usiku, kila anapowasilisha ritani ya mwezi, na hizo ni zake mwenyewe, si za mgeni.