Simu haichaji: kwa nini usibadilishe vyote kwa mpigo

“Simu haichaji. Si nibadilishe waya, kichwa cha chaji na betri kwa pamoja, niokoe muda?”

Hapana. Ikichaji, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na huenda umetupa betri nzima.

Anza kwa kuchaji simu nyingine kwa chaji hiyohiyo, kwenye soketi ileile. Ikichaji vizuri, tatizo limo ndani ya simu yako: izime, umulike tundu la chaji kwa tochi. Mara nyingi utakuta vumbi la mfukoni limeshindiliwa. Litoe taratibu kwa kijiti cha mbao.

Simu hiyo nyingine isipochaji, badilisha waya tu, uandike: “waya mpya, bado.” Rudisha waya wa zamani kabla ya kujaribu kichwa kingine. Viwili vikiwa vibovu, majaribio yote mawili yatashindwa, na maandishi hayo ndiyo yatakayokuonyesha kwamba sasa ujaribu waya mpya na kichwa kipya pamoja.