Farasi au askofu: nani abaki ubaoni?

Je, kama kwenye sataranji farasi na askofu wote huhesabiwa pointi 3, nikilazimika kumtoa mmoja nimbakize yupi?

Tazama askari wa katikati kabla ya kutazama kete zenyewe. Wakiwa wamegongana na hawasogei, farasi huwa na faida, maana yeye huruka. Wakiwa wameshaliwa na njia ziko wazi, mara nyingi askofu ndiye bora. Akiwa mraba wa d4 kwenye ubao mtupu, askofu anafikia miraba 13, farasi 8 tu.

Ulinzi wa Kifaransa, mojawapo ya njia za Nyeusi za kuanza mchezo, unaonyesha vizuri hali ya kufungwa. Nyeupe ana askari d4 na e5, Nyeusi ana d5 na e6. Askofu wa Nyeusi aliyeko c8 hutembea kwenye miraba myeupe, na askari wake mwenyewe wamesimama humo humo. Amezibwa na watu wa nyumbani. Farasi wa g8, kwa upande wake, hupitia e7 hadi f5, na kutoka hapo anaibana d4. Ila farasi huyo ana thamani pale tu asipofukuzwa na askari. Nyeupe akiweza kusukuma g4 kwa usalama, kazi yote imepotea, ndiyo maana Nyeusi mara nyingi hutanguliza h5.

Sasa hali ya wazi, na hapa nampenda sana Bobby Fischer dhidi ya Tigran Petrosian, mchezo wa 7 wa mechi yao ya Buenos Aires, 1971. Fischer alikuwa na farasi mzuri mno kwenye c5, hakuna askari wa kumgusa. Petrosian alikuwa na askofu mnyonge kwenye d7, nyuma ya askari wake wa a6 na d5. Katika hatua ya 22 Fischer akamtoa farasi huyo kumla askofu yule!

Wengi wetu tungemng'ang'ania farasi. Fischer aliona kwamba askofu wa d7 alikuwa tayari kwenda b5 na kuomba kubadilishana na askofu wake wa d3. Askofu huyo wa d7 alipoondoka, Fischer alibaki na askofu dhidi ya farasi, njia za c na e zikiwa wazi, na ngome yake ikaingia c7. Askari walikuwa pande zote mbili za ubao, na farasi wa Petrosian hakuweza kuzihudumia zote kwa wakati mmoja. Hatua ya 34 askofu akatua c4, Petrosian akakubali kushindwa.

Askari wote wangekuwa upande mmoja, hesabu ingebadilika. Mwendo mrefu wa askofu usingehitajika, naye hagusi kamwe miraba 32 ya rangi isiyo yake, wakati farasi hubadilisha rangi kila anaporuka.