Kipimo kisichohusiana na matokeo kinawezaje kuboresha utabiri?

Je, wajua ni kwa nini ukiongeza kibadilika kimoja kwenye rigresheni, koefishenti ya kingine inaweza kupanda badala ya kushuka, na wakati mwingine kugeuka kutoka chanya kuwa hasi?

Hutokea hivyo pale kibadilika kipya kinapofanana na ile sehemu ya kibadilika cha kwanza isiyohusika na matokeo. Kikiingia kwenye modeli huiondoa sehemu hiyo, na kinachobaki cha kile cha kwanza huwa karibu zaidi na matokeo kuliko kilivyokuwa mwanzo. Kibadilika kinachofanya kazi hiyo huitwa kandamizi, kwa sababu hukandamiza tofauti zisizohitajika ndani ya mwenzake.

Mwanasaikolojia wa Marekani Paul Horst ndiye aliyelieleza jambo hili mwaka 1941, na mfano unaohusishwa naye zaidi ni wa kuchagua wanafunzi wa urubani. Watahiniwa walifanya mitihani ya kuandika iliyopima, miongoni mwa mambo mengine, uelewa wa mitambo na uwezo wa lugha. Uwezo wa lugha haukusaidia sana kueleza nani angefaulu mafunzo ya kurusha ndege. Hata hivyo, mtihani wa mitambo ulikuwa wa karatasi: mtahiniwa alilazimika kwanza kusoma swali na kulielewa, ndipo alijibu. Kwa hiyo alama ya mitambo ilikuwa na mambo mawili ndani yake, yaani ujuzi wa mitambo na wepesi wa kusoma, na hilo la pili halina kazi kubwa angani.

Tuchukue tarakimu za kubuni, zilizo rahisi kukokotoa. Uhusiano kati ya alama ya mitambo na mafanikio ya mafunzo uwe 0.40, kati ya lugha na mafanikio uwe 0, na kati ya mitihani hiyo miwili uwe 0.60. Kwa vibadilika viwili, koefishenti sanifu ya cha kwanza hupatikana hivi, ambapo ry1 na ry2 ni uhusiano wa cha kwanza na wa cha pili na matokeo, na r12 ni uhusiano wa vyenyewe kwa vyenyewe:

```
b1 = (ry1 - ry2 * r12) / (1 - r12^2)
```

Mitambo ikiwa peke yake, koefishenti yake ni 0.40 na sehemu ya tofauti za matokeo inayoelezwa ni 0.16. Lugha ikiongezwa, koefishenti ya mitambo inakuwa 0.40 ÷ 0.64, yaani 0.625, na ya lugha inakuwa −0.375. Sehemu inayoelezwa inafika 0.25. Kipimo chenye uhusiano wa sifuri na matokeo kimeongeza asilimia 9 kamili za tofauti zinazoelezwa, jambo ambalo mtu anayechuja vibadilika kwa kutazama uhusiano wa kimoja kimoja hatalijua kamwe, kwa kuwa lugha angeshaitupa kabla hata ya kujenga modeli.

Ile −0.375 ndiyo inayosomwa vibaya mara nyingi. Haisemi kwamba wasomaji wazuri ni marubani wabaya. Uhusiano wa sifuri umeshakanusha hilo. Inalinganisha watu wenye alama sawa ya mitambo. Kama wawili wamepata 70 kwenye mtihani wa mitambo, na mmoja wao anasoma kwa shida, yule anayesoma kwa shida yaelekea anajua mitambo zaidi, kwa sababu ameifikia 70 hiyo bila msaada wa lugha. Modeli inampandisha kwa kurekebisha alama yake ya mitambo. (Kumweleza mtahiniwa aliyeachwa kwamba alama yake nzuri ya lugha ndiyo iliyompunguzia ni kazi nyingine kabisa, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya watu kupendelea kuurekebisha mtihani wenyewe badala ya kutegemea hesabu.)

Namna ya kuitambua hali hii inaanzia kwenye ulinganisho mmoja: weka koefishenti sanifu ya kila kibadilika kando ya uhusiano wake wa moja kwa moja na matokeo. Kwa kawaida vibadilika viwili vinavyofanana hugawana kazi, hivyo koefishenti huwa ndogo kuliko uhusiano. Ikizidi kwa ukubwa, kama 0.625 dhidi ya 0.40, au ikiwa na ishara iliyo kinyume, basi ukandamizaji upo. Kisha uthibitishe kwa kuondoa lugha ndani ya mitambo kwa mkono wako. Katika programu ya takwimu ya R, ambapo x1 ni mitambo, x2 ni lugha na y ni mafanikio:

```r
safi <- resid(lm(x1 ~ x2))
cor(y, x1)
cor(y, safi)
```

Kwa tarakimu zetu, mstari wa pili unatoa 0.40 na wa tatu unatoa 0.50. Mabaki ya mitambo yanahusiana na mafanikio kuliko mitambo yenyewe, na 0.50 ikizidishwa kwa yenyewe ndiyo ile 0.25 tuliyoiona.

Kugeuka kwa ishara kunahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hakuhitaji kibadilika chenye uhusiano wa sifuri. Tuseme lugha inahusiana na mafanikio kwa 0.25, mitambo kwa 0.50, na vyenyewe kwa vyenyewe kwa 0.70. Hapo koefishenti ya lugha ni (0.25 − 0.35) ÷ 0.51, karibu −0.20, ingawa uhusiano wake na matokeo ni chanya. Ikiwa mahusiano yote ni chanya, ishara ya kibadilika dhaifu hugeuka pale uhusiano wa vibadilika viwili unapozidi uhusiano wake na matokeo uliogawanywa kwa ule wa mwenzake. Hapa mpaka ni 0.25 ÷ 0.50, yaani 0.50, na 0.70 imeuvuka.

Swali linalofuata ni kama mgeuko huo ni wa kweli au umeletwa na uchache wa data. Kwa watahiniwa 100, kosa sanifu la hiyo −0.20 ni takriban 0.12, na masafa yake ya asilimia 95 yanaanzia karibu −0.44 hadi 0.05. Sifuri imo ndani, kwa hiyo ishara hiyo haina mashiko bado. Kwa watahiniwa 400 wenye mahusiano yaleyale, kosa sanifu hushuka hadi 0.06, na masafa hayaigusi tena sifuri. Mimi ishara iliyogeuka siiandikii maelezo yoyote kabla ya kuyaona masafa hayo, na ikiwezekana kabla ya kuiona ikijirudia kwenye sampuli nyingine.

Kuna mgeuko mwingine usiohusiana na ukandamizaji hata kidogo. Kibadilika kipya kikiwa na nafasi zilizo wazi, R huondoa kimyakimya safu za watu hao, na modeli ya pili inakokotolewa kwa watu tofauti na ya kwanza. Linganisha idadi ya safu zilizotumika, yaani `nobs()`, za modeli zote mbili; zikitofautiana, rudia modeli ya kwanza kwa safu zilizobaki tu.

Hata hesabu ikikamilika, haisemi ni koefishenti ipi ya kuaminiwa kama athari. Mwaka 2000 watafiti MacKinnon, Krull na Lockwood walionyesha kwamba ukandamizaji, upatanishi, yaani kibadilika kimoja kupitisha athari ya kingine, na uvurugaji, yaani kibadilika cha tatu kuathiri vyote viwili, havitofautishwi kwa takwimu peke yake: kinachopimwa ni badiliko lilelile la koefishenti baada ya kuongeza kibadilika cha tatu. Kwa marubani, kinachoitetea tafsiri ya ukandamizaji ni kitu kilicho nje ya jedwali, nacho ni kujua kwamba mtihani wa mitambo ulifanywa kwa kusoma. Mtihani huohuo ukifanywa kwa kushika vifaa bila maandishi, uhusiano wake na lugha unatarajiwa kushuka na ile koefishenti hasi kusogea kuelekea sifuri. Isiposogea, maelezo ya wepesi wa kusoma hayatoshi.