Usiku wa kabla ya hedhi: mwili unapokataa kupoa

Mwalimu mmoja wa sekondari, mkazi wa Makorora, alinijia mwezi wa Februari, wakati joto la kaskazi limeikalia Tanga yote. Tuliposalimiana akatoa kwenye mkoba pakti ya vidonge vya diazepamu, akaiweka mezani. Vidonge sita vilikuwa vimeshatoka.

"Daktari, hivi ndivyo vinavyonilaza. Lakini nimeanza kuviogopa."

Alikuwa na miaka 34, watoto wawili, hatumii njia ya homoni ya uzazi wa mpango. Alikuwa akipanda kitandani saa nne usiku na kulala vizuri tu. Saa tisa macho yanafunguka, shingo imelowa jasho, mapigo ya moyo anayasikia masikioni, na kuanzia hapo ni kujigeuzageuza mpaka adhana ya alfajiri. Nilipomuuliza ni siku zipi, akasema, "Kila siku." Jibu hilo nalisikia mara nyingi, na silishiki moja kwa moja. Mtu aliyekesha siku nne mfululizo anaiona miezi yote kuwa ni hizo siku nne. Kwa hiyo sikumwandikia dawa. Nilimpa kazi ya daftari.

Kila asubuhi, kabla hajainuka, aweke kipimajoto chini ya ulimi na kuandika kinachosomeka. Kisha aandike saa aliyolala, saa alizoamka usiku, na kama anatoka damu au la. Basi. Afanye hivyo kwa mizunguko miwili mizima, kwa sababu mmoja unaweza kuharibiwa na msiba, mtoto mgonjwa au mitihani ya shule. Na hedhi ikifika, arudi nyuma kwenye daftari ahesabu: siku ya mwisho kabla ya damu iwe 1, iliyoitangulia 2, na kuendelea. Wanawake wengi huhesabu kwenda mbele kuanzia damu ya kwanza, na hapo ndipo hesabu inapopotea. Mzunguko ukirefuka au kufupika, sehemu inayobadilika zaidi ni ile ya kabla yai halijatoka. Kuanzia yai kutoka mpaka hedhi ni kama siku 14, na kwa wanawake wengi hizo hazisogei sana. Ukihesabu kurudi nyuma, usiku wako mbaya utakaa mahali pake.

Alirudi mwanzoni mwa Aprili na daftari limejaa. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa siku 27, na usingizi uliharibika siku ya 4, ya 3, ya 2 na ya 1 kabla ya damu. Alilala kama saa nne na nusu kila usiku, wakati siku nyingine alifikisha saa saba. Mzunguko wa pili ulichelewa, ukawa wa siku 31. Na usiku mbaya nao ukachelewa vilevile, siku nne zote! Hapo nilijua tuko mahali sahihi. Ingekuwa ni joto la hewa peke yake, au mawazo ya kazi, kusingekuwa na sababu ya kuisubiri hedhi. Usiku wa pili wa damu, kwa miezi yote miwili, alilala fofofo.

Kipimajoto nacho kilisema lake. Nusu ya kwanza ya mzunguko kilisoma kama nyuzi 36.4. Baada ya yai kutoka kikapanda hadi 36.8, na hakikushuka mpaka damu ilipokaribia kabisa.

Tofauti hiyo ya nyuzi 0.4 inaonekana ndogo, lakini kwa usingizi ni kubwa. Mwili wa binadamu huanza kujipoza jioni, na kadiri unavyopoa ndivyo usingizi unavyoingia na kukaa. Hupoa kwa kupeleka damu yenye joto kwenye ngozi, hasa viganjani na nyayoni, ili joto litoke nje. Ndiyo maana mtoto anayeanza kusinzia mikono yake huwa ya moto. Yai likishatoka, kifuko kilichobaki kwenye ovari hutengeneza homoni ya projesteroni, na homoni hiyo hupandisha joto la mwili na kupunguza kule kushuka kwa usiku. Sasa ongeza chumba cha mabati kilichokula jua tangu asubuhi, na unyevu wa bahari unaozuia jasho kukauka. Joto linataka kutoka, halina pa kwenda.

Lakini msomaji makini ataniuliza: joto hilo lipo karibu wiki mbili, mbona usingizi unaharibika siku nne za mwisho tu? Swali zuri, na jibu lake ndilo nililotaka mwalimu alielewe kabla ya kitu kingine chochote.

Projesteroni ikivunjwavunjwa mwilini hutoa kemikali iitwayo alopregnanoloni. Hiyo huingia kwenye ubongo na kuutuliza, ikifanya kazi kwenye vipokezi vilevile vinavyoguswa na diazepamu. Kwa hiyo wiki ya kwanza baada ya yai kutoka, mwili una joto lakini ubongo una kitulizo chake cha kuzaliwa nacho, na mwanamke analala. Projesteroni hufika kileleni kama siku saba baada ya yai kutoka. Mimba isipotunga, huporomoka katika siku chache za mwisho, na kitulizo kinaondoka nayo. Joto bado lipo, kitulizo hakipo. Kinachokuamsha saa tisa usiku ni viwili hivi vilivyokutana.

Si kwamba homoni za mwanamke huyu zina kasoro. Ukimpima damu, mara nyingi viwango vyake ni sawa na vya jirani yake anayelala vizuri. Ubongo wake ndio unaohisi mporomoko huo kwa ukali zaidi. Ndiyo maana siandiki vipimo vya homoni kwa tatizo hili, hata mgonjwa akiviomba. Daftari linaniambia mengi zaidi.

Na hapo utaona kwa nini pakti ile mezani ilinitia wasiwasi. Diazepamu inaziba pengo kwa muda, lakini inakaa mwilini siku nyingi, na mtu aliyeizoea akiiacha, ubongo unapata mporomoko mwingine wa aina ileile: moyo kwenda mbio, jasho, macho makavu usiku. Mwenyewe atadhani ni ugonjwa umerudi, atanunua pakti nyingine. Mwalimu alikuwa amemeza sita tu, kwa hiyo aliacha bila shida. Anayeimeza kila siku kwa wiki kadhaa asiiache ghafla. Aje kwa daktari apunguziwe polepole.

Tulichobadilisha ni vitu vitatu, na vyote ni vya siku tano za mwisho tu. Sijaona mwanamke aliyeshika masharti ya mwezi mzima.

Cha kwanza kilikuwa kuoga. Yeye alikuwa anajimwagia maji ya baridi sana dakika chache kabla ya kulala, akiamini anaupoza mwili. Maji ya baridi kali hufanya mishipa ya ngozi ijikunyate, na joto la ndani linabaki ndani. Nilimwambia aoge maji ya uvuguvugu saa moja au saa moja na nusu kabla ya kulala, dakika kumi, na asijikaushe kabisa kwa taulo. Ngozi inafunguka, damu inakuja juu, joto linatoka, na muda wa kulala unapofika mwili umeshaanza kushuka. Alinitazama kana kwamba namtania, kuoga maji ya moto kaskazi! Si ya moto, mwalimu, ya uvuguvugu.

Cha pili kilikuwa kitanda. Godoro la sponji linakumbatia joto, kwa hiyo akatandika mkeka wa ukili juu yake na shuka ya pamba juu ya mkeka. Gauni la kulalia la nailoni akalibadilisha kwa khanga kuukuu. Chandarua kilibaki, maana malaria haina mapumziko ya kabla ya hedhi. Lakini chandarua hupunguza upepo sana, na pangaboi lake la darini lilikuwa linapoza chandarua badala yake yeye. Akaweka feni ya mezani kwenye stuli, ikipuliza kwa ubavu karibu na kitanda, ikielekea miguuni. Umeme ukikatika, kitambaa chenye maji kwenye nyayo husaidia kwa kiasi.

Cha tatu ndicho kilichokuwa kigumu. Baadhi ya siku hizo alikuwa anapanda kitandani saa mbili na nusu ili afidie usingizi wa jana. Nia nzuri, matokeo mabaya: unalala saa tano za kwanza, halafu saa saba na nusu usiku umemaliza usingizi uliokuwa nao. Nilimwomba asipande kitandani kabla ya saa nne na nusu, na aamke saa kumi na moja alfajiri kama kawaida hata kama amelala vibaya. Akiamka usiku na kuona usingizi umepaa, asilale akiuvizia. Atoke, akae kwenye kiti sebuleni bila simu, arudi akisinzia. Na kahawa ya baada ya magharibi, ile yenye tangawizi ambayo mume wake huileta na kashata, akaiacha kwa siku hizo tano. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu tu. Kwa anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huchukua karibu mara mbili ya hapo, na huyo mwisho wake wa kahawa uwe mchana.

Kuna daftari ambalo likija kwangu silijibu kwa mkeka na feni. Kama usingizi haurudi hata damu ikishakwisha, tatizo ni jingine, na mara nyingi ni sonona au wasiwasi. Kama damu ni nyingi na miguu haitulii usiku, inataka kuchezeshwa mpaka mtu ainuke atembee, napima damu na akiba ya madini ya chuma. Kama umri umepita 40 na mizunguko imeanza kurukaruka, huenda ukomo wa hedhi unakaribia. Na kama siku hizo huja na huzuni nzito, hasira ya kuvunja nyumba au mawazo ya kujidhuru, usisubiri mizunguko miwili. Njoo leo. Ipo tiba ya dawa kwa hali hiyo.

Mwezi wa Mei mwalimu aliniletea ukurasa mpya: siku ya 4 na ya 3 amelala zaidi ya saa sita. Nilifurahi nusu tu, kwa sababu masika ilikuwa imeshaingia na usiku wa Tanga umepoa kwa wote. Nilimwambia aniletee ukurasa wa kaskazi. Ameuleta Januari hii. Siku ya 4, ya 3 na ya 2 zimesimama kwenye saa sita. Siku ya 1 bado ni saa tano kasoro, kama zamani, na sijapata cha kuisogeza. Yeye amepata: asubuhi inayofuata hasahihishi mitihani.