Kukata na kujaza: kwa nini jukwaa la jengo halikai katikati ya mteremko

Kujenga kwenye mteremko huanza kwa kukata ardhi upande wa juu na kujaza upande wa chini, ili kupata jukwaa, yaani eneo tambarare la kukalia jengo. Dhana nne huvuruga hesabu yake kwenye kompyuta.

Dhana: Ramani ya kontua, mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko uleule, ikishaingia kwenye programu ya kuchorea, umbo la ardhi limepatikana.

Kabla ya lolote, chagua mstari mmoja uangalie `Elevation` yake, yaani mwinuko ambao programu inautambua. Ramani nyingi zilizochorwa upya zina mistari yote kwenye 0, na namba za mwinuko ni maandishi tu yaliyobandikwa pembeni. Modeli yake hutoka bapa kama meza, na kosa hilo utaliona mara moja.

Linalojificha ni lingine. Programu huunganisha nukta za mistari kwa pembetatu. Pale kontua inapopinda sana, kwenye pua ya mgongo au ndani ya korongo, nukta tatu zilizo jirani huweza kuwa zote za mstari mmoja. Zina mwinuko uleule, kwa hiyo pembetatu hulala bapa: mgongo unakatwa kilele, korongo linafukiwa. Ili kulifichua, iambie programu ichore kontua zake yenyewe kutoka kwenye modeli, kila sentimita 25. Kama ramani ilikuwa na mistari ya kila mita 1, kati ya mstari na mstari inapaswa kuonekana mitatu mipya. Panapobaki patupu ndipo palipolala. Dawa ni kuchora mstari unaofuata uti wa mgongo au sakafu ya korongo, kuupa mwinuko hatua kwa hatua, kisha kuzizuia pembetatu zisiuvuke.

Dhana: Weka jukwaa kwenye wastani wa pembe nne, kinachokatwa kitatosha kujaza.

Hii ndiyo inayogharimu zaidi, kwa sababu hesabu yake kwenye karatasi inapendeza. Chukua jukwaa la mita 20 kwa 12, ardhi ikipanda sawasawa kwa urefu wake kutoka 100.00 hadi 102.00. Wastani ni 101.00. Upande wa juu unakata kabari ya mita za ujazo 60, upande wa chini unajaza 60.

Sasa ondoa udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 15 kwenye eneo lote. Huo haujazwi chini ya jengo, kwani mizizi inaoza na udongo unatitia. Uso unaoanzia kazi sasa ni 99.85 hadi 101.85. Ukibaki na 101.00, kukata kunashuka hadi mita za ujazo 43 na kujaza kunapanda hadi 79. Tena udongo ulioshindiliwa vizuri huchukua nafasi ndogo kuliko ulivyokuwa ardhini. Tukikadiria kwamba unabaki asilimia 90, zile 43 zinajaza 39 tu. Pengo ni mita za ujazo 40, zote kifusi cha kuagiza.

Jukwaa linalojitosheleza hapa liko kwenye 100.82: linakata 63, zikishindiliwa zinakuwa 57, na kujaza kunahitaji 57. Sentimita 18 tu chini ya wastani, na sehemu kubwa ya hizo ni ule udongo wa juu uliosahauliwa. Asilimia 90 ni kadirio. Aina ya udongo hubadilisha namba hiyo, na mwamba uliovunjwa huongezeka badala ya kupungua. (Malori nayo yana hesabu yake: udongo uliochimbwa huvimba, kwa hiyo idadi ya safari haitoki kwenye ujazo uliopimwa ardhini.)

Dhana: Kontua za mita 1 zinatosha kwa hesabu hii.

Zinatosha kuamua jengo likae wapi. Lakini kosa la sentimita 10 tu, likiegemea upande mmoja kwenye mita za mraba 240, ni mita za ujazo 24. Pima nukta za mwinuko kila mita 5 ndani ya eneo la jukwaa na mita kadhaa nje yake.

Dhana: Kazi inaishia kwenye ukingo wa jukwaa.

Programu nyingine hukata jukwaa kwa kuta za wima, na picha inavutia. Udongo hausimami wima. Upande wa chini wa mfano wetu umejazwa mita 0.97, kwa mteremko wa 1 kwa 2, yaani kushuka mita 1 kila mita 2 za mlalo, ungetarajia mguu wake, mwisho wa chini wa mteremko huo, ufike mita 1.9 mbele. Lakini ardhi nayo inashuka sentimita 10 kila mita, kwa hiyo mguu unafika mita 2.4, na upande huo peke yake unaongeza mita za ujazo 14. Mteremko wa upande uliokatwa ukichongwa mkali zaidi ya huo, unarudisha kiasi kidogo kuliko hicho, basi jukwaa hushushwa sentimita chache tena na hesabu kurudiwa. Hakikisha pia mguu huo haujaingia kwa jirani. Na ardhi ya asili ikiwa yenyewe inashuka 1 kwa 2, miteremko miwili hiyo haikutani kamwe: hapo ni ukuta wa kuzuia udongo, au jengo ambalo sakafu yake imegawanywa katika viwango viwili kufuata mteremko.