"Nitafidia usiku" na dhana nyingine potofu za mwanafunzi mwanamichezo

Kila msimu wa mtihani wa kidato cha nne unapokaribia, huletewa ratiba ileile kwa miandiko tofauti. Kila siku saa mbili usiku hadi saa tano, kujisomea. Jumatatu hadi Jumapili, bila kuruka, hata siku ya mechi ya ugenini. Nikiuliza safari iko wapi humo, jibu huwa tayari: "Mwalimu, nitafidia usiku."

Dhana: muda uliopotea safarini hulipwa kwa kukesha.

Haulipwi. Unakopa usingizi, na usingizi ndio unaokamilisha kazi ya siku nzima. Uliyosoma jioni hujipanga kwenye kumbukumbu ukiwa umelala, na misuli uliyoichosha uwanjani hujijenga wakati huohuo. Kijana wa umri huu anahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wanamichezo wa shule huko Los Angeles ulionyesha kuwa waliolala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 ya wenzao. Kwa hiyo anayekesha anaweza kukosa mtihani na mechi pia, halafu alaumiwe mganga wa timu.

Dalili huonekana mapema. Anasinzia kipindi cha pili asubuhi. Anarudia aya moja mara tatu na bado hawezi kukwambia ilisema nini. Uwanjani anachelewa nusu hatua kwa mipira aliyokuwa akiiwahi.

Chukua winga anayesoma Morogoro, mazoezi Jumanne, Jumatano na Alhamisi kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, mechi Jumamosi Dar es Salaam. Kwenye karatasi yake ana saa 21 za kujisomea. Sasa tuzihesabu vizuri. Jumamosi anaondoka saa kumi na moja alfajiri, na kwa foleni ya Kibaha atashukuru akirudi saa nne usiku. Jumamosi naiandika sifuri, kwa wino.

Jumatatu hakuna mazoezi, basi ndiyo siku nzito: saa 2 za hisabati au fizikia alasiri akili ikiwa bado na nguvu, na saa moja na nusu baada ya chakula. Siku tatu za mazoezi anapata saa moja na nusu tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu na nusu, kwa masomo mepesi kwake. Saa nne yuko kitandani. Ijumaa anasoma saa 2 alasiri na kulala saa mbili na nusu usiku, maana ataamka saa kumi na nusu. Jumapili aachwe alale hadi saa mbili asubuhi. Miguu itauma, lakini kuuma kwa miguu hakumzuii kukaa mezani. Alasiri afanye mtihani mmoja wa miaka ya nyuma kwa saa 3, saa mbele yake, madaftari yamefungwa.

Jumla ni saa 13. Wazazi hushtuka kuziona ni chache. Mimi nazipenda kwa sababu zitafanyika, tofauti na zile 21 ambazo kufikia Jumatano huwa zimeshakufa.

Dhana: kwenye basi nitasoma mada mpya.

Macho yanaiambia akili umetulia kwenye kitabu, sikio la ndani linajua basi linakata kona. Ndiyo maana kichefuchefu. Beba kadi ndogo za maswali, jiulize kwa dakika 20 wakati wa kwenda, kisha angalia nje. Wakati wa kurudi lala. Na usizihesabu dakika hizo kwenye ratiba.

Dhana: wiki ya mtihani acha mazoezi kabisa.

Punguza muda, usizime. Mazoezi mawili ya dakika 45 yenye kasi ileile hulinda pumzi kwa wiki chache. Anayeacha kabisa hurudi na pupa, na nyama za paja humwadhibu.

Dhana: ratiba ikishapangwa haiguswi.

Hii hutoka kwa walimu wenzangu, nashangaa. Mechi zinaahirishwa kila mara. Ikihamishiwa Jumatano, usiku wa Jumatano unakuwa sifuri na saa yake moja na nusu inahamia Jumamosi asubuhi iliyobaki wazi. Isihamie usiku wa Alhamisi. Ndiyo maana nataka kila mchezaji amwombe kocha ratiba ya mechi za mwezi mzima kabla hajagusa kalamu, na tarehe za mitihani ya majaribio azipeleke kwa kocha siku hiyohiyo. Makocha wengi hukubali kumpumzisha mchezaji wakiambiwa wiki mbili kabla. Wakiambiwa mlangoni mwa basi, hawakubali.