Tiketi ya SGR mapema si lazima iwe rahisi

“Ukikata mapema, si unauziwa bei rahisi?”

Hapana. Nauli ya SGR hufuata umbali, daraja na aina ya treni. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini Tanzania, ilipotangaza nauli mwaka 2024, Dodoma–Dar daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, haijalishi umekata lini. Anayezoea ndege hapa ndipo anapopotea.

Kinachopungua ni viti. Chukua Ijumaa ya mkesha wa sikukuu: daraja la kawaida la treni uliyoitaka likijaa, unabakiwa na daraja ghali, au treni ya saa nyingine, au basi. Hapo ndipo mtu husema “nauli imepanda.” Na tarehe isiyoonekana kwenye mfumo huenda haijafunguliwa tu, usidhani imejaa.